Vyeti viwili vya miwani, namba tofauti: ni kipi kimekosea?

*"Dokta habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 34. Mwezi wa tatu nilipima macho Dar, cheti kikaandikwa kulia -1.00 / -2.00 x 180, kushoto -0.50 / -1.25 x 10. Miwani ile niliipenda sana. Mwezi wa kumi mtoto akaikalia, na cheti nikajua kimepotea, ndo nikapima upya huku Morogoro. Hiki kimeandikwa kwa mkono: kulia -3.00 / +2.00 x 90, kushoto -1.75 / +1.25 x 10°. Naivaa wiki ya pili sasa. Jicho la kulia safi kabisa, la kushoto nikivaa nikivua ni yale yale, nguzo ya umeme naiona ila nyaya zake zina kivuli juu na chini, jioni kichwa kinagonga. Fundi anasema nitazoea. Jana nimekipata kile cheti cha zamani, namba hazifanani! Macho yangu yameharibika ndani ya miezi saba au kuna mtu kakosea?"*

Mwalimu, pole sana na hicho kichwa. Nianze na la kukutoa wasiwasi: jicho lako la kulia halijabadilika hata kidogo, vyeti vyote viwili vinasema kitu kimoja, ila kila kimoja kimesema kwa njia yake. La kushoto ndo kuna shida, na kwa jinsi namba zilivyokaa sidhani kama shida iko kwenye jicho, naona ni tarakimu moja tu iliyodondoka njiani kati ya aliyekupima na aliyekata lenzi. Nakuomba uvumilie maelezo kidogo ili uelewe mwenyewe, maana ukielewa utarudi pale ukiwa na hoja mkononi na hakuna atakayekuambia tena kuwa utazoea.

Chukua glasi ya maji iliyonyooka, sio ile pana juu nyembamba chini, jaza maji uiweke dirishani jua likiwa limeinama, halafu shika karatasi nyuma yake. Mwanga hautakusanyika kuwa nukta, utakusanyika kuwa mstari uliosimama wima. Tumbukiza na kalamu humo, itazame kwa upande, utaona kalamu imenenepa lakini haijaongezeka urefu. Hiyo glasi ni lenzi ya silinda. Imepinda kuzunguka kiuno chake, kwa hiyo inakunja mwanga kwa upande wa kulia na kushoto, lakini toka juu kwenda chini imenyooka kama ukuta, huko haikunji chochote. Kile kioo cha mviringo cha kukuzia, kile tulichochomea karatasi tukiwa watoto, ni tofauti, chenyewe kimepinda sawasawa kila upande kama kipande cha mpira wa kuchezea ndo maana kinakusanya jua kuwa nukta moja. Basi hizo ndo lenzi mbili zilizomo ndani ya kila cheti cha mtu mwenye astigmatizimu, yaani jicho linalokunja mwanga zaidi upande mmoja kuliko mwingine: safu ya SPH ni ya mpira, safu ya CYL ni ya glasi ya maji, na safu ya AXIS inasema hiyo glasi isimamishwe au ilazwe kwa digrii ngapi. Tunahesabu kutoka 1 mpaka 180, ambapo 180 ni mlalo kama upeo wa bahari na 90 ni wima kama mlingoti.

Kuna kitu kimoja kwenye hiyo safu ya AXIS ambacho watu wengi wanakielewa kinyume, hata baadhi ya wanaouza miwani, na ndo ufunguo wa swali lako lote. Wanadhani mhimili ni upande ambao nguvu ya silinda ipo. Hapana, ni upande ambao nguvu HAIPO. Ni urefu wa ile glasi, pale ilipo nyoofu. Nguvu ya silinda iko kwenye upande unaoukata mhimili, yaani digrii 90 kutoka hapo. Silinda iliyoandikwa x 180 inafanya kazi yake yote wima, iliyoandikwa x 90 inafanya kazi yake mlalo.

Na kwa nini jicho lihitaji kitu kama hicho? Kwa sababu konea, hicho kioo cha mbele ya jicho, kwa watu wengi sio kipande cha mpira kamili, ni zaidi kama kipande cha ganda la yai likiwa limelazwa, upande mmoja umepinda zaidi kuliko mwingine. Mwanga unaopita upande uliopinda sana unakutana mapema, ule wa upande mwingine unakutana mbele zaidi, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haiwezi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Lenzi ya mpira peke yake itavuta vyote kwa pamoja, ikirekebisha huku inaharibu kule. Mtu aliyeligundua hili kwenye jicho lake mwenyewe na akalitengenezea dawa ni mwanaastronomia Mwingereza George Airy, mwaka 1825, jicho lake la kushoto lilikuwa halimsaidii kusoma, akatoboa kitundu kidogo kwenye kadi akakitazama kwa umbali mbalimbali, akaona kwamba ile nukta ya mwanga inageuka mstari wa upande mmoja kwa umbali fulani, na mstari wa upande mwingine kwa umbali mwingine. Akapima hizo mbili, akamwagiza fundi amkatie lenzi ambayo uso mmoja ni wa mpira na uso wa pili ni wa silinda. SPH uso mmoja, CYL uso wa pili. Lenzi yako ya leo ni wazo lilelile.

Sasa tuje kwenye jicho lako la kulia. Cheti cha Dar kinasema -1.00 / -2.00 x 180. Isome hivi: kwanza weka -1.00 kila upande, mlalo -1.00 na wima -1.00. Halafu ongeza silinda ya -2.00 ambayo mhimili wake umelala, kwa hiyo mlalo haigusi kitu, wima inaongeza -2.00. Jumla mlalo -1.00, wima -3.00. Umeshamaliza, hicho ndicho jicho lako linachotaka, namba mbili kwenye pande mbili zinazokatana kama msalaba.

Cheti cha Morogoro kinasema -3.00 / +2.00 x 90. Weka -3.00 kila upande. Halafu silinda ya +2.00 yenye mhimili uliosimama, kwa hiyo wima haigusi kitu, inabaki -3.00, na mlalo inaongeza +2.00, yaani -3.00 jumlisha +2.00 ni -1.00. Mlalo -1.00, wima -3.00. Umeona? Msalaba ni uleule. Ni kama mtu mmoja kasema saa mbili kasorobo na mwingine kasema saa moja na dakika arobaini na tano, hakuna aliyedanganya. Mmoja kaanzia kwenye namba ndogo akaongeza minasi, mwingine kaanzia kwenye namba kubwa akapunguza kwa plasi.

Kwa hiyo ile hofu ya kwamba ulikuwa na minasi moja sasa umefika minasi tatu, iweke chini kabisa. Na ile plasi isikutishe, nimeshakutana na wagonjwa wengi waliokuja wamechanganyikiwa eti mmoja aliwaambia hawaoni mbali na mwingine kawaandikia namba ya wazee wa kusomea. Alama ya silinda ukiitazama peke yake haikuambii kitu kuhusu jicho, mpaka uiweke pamoja na SPH upate ule msalaba. Mazoea ya uandishi yanatokana na vifaa na mahali mtu aliposomea, wapo wanaopima kwa silinda za plasi, hasa baadhi ya madaktari bingwa wa macho, na wapo wanaopima kwa silinda za minasi, hao ni wengi wa optometria, na mashine nyingi za kompyuta zinakubali kuchaguliwa zitoe ipi.

Kuhama kutoka uandishi mmoja kwenda mwingine ni hatua tatu tu. Jumlisha SPH na CYL, ukizingatia alama zake, hiyo ndo SPH mpya. Namba ya CYL iache ilivyo ila geuza alama. Halafu AXIS izungushe digrii 90, kama iko 90 au chini yake ongeza 90, kama imezidi 90 toa 90. Hatua zote tatu zifanyike. Ukiruka moja hujabadilisha uandishi, umeandika lenzi ya mtu mwingine.

Tulipeleke jicho la kushoto kwenye hizo hatua tuone. Dar waliandika -0.50 / -1.25 x 10:

```
SPH    -0.50 + (-1.25) = -1.75
CYL    -1.25  inakuwa  +1.25
AXIS   10 + 90 = 100
```

Inatakiwa isomeke -1.75 / +1.25 x 100. Na cheti cha Morogoro kinasema -1.75 / +1.25 x 10. SPH imekubali mpaka senti ya mwisho, CYL imekubali, mhimili tu ndo umebaki palepale. Jicho likibadilika kweli namba zinasogea ovyo, robo hapa, nusu pale, mhimili digrii tano au kumi, haliwezi likageuza yai lake digrii 90 kamili bila ajali wala upasuaji huku likihakikisha hizo namba nyingine mbili zinabaki zimelingana kikamilifu na cheti cha zamani. Ndo maana nasema naona mkono wa mtu hapa na sio ugonjwa.

Tena nadhani naujua mkono wenyewe umeteleza wapi. Umeniandikia kwamba cheti kimeandikwa kwa mkono na hiyo 10 ina kiduara juu yake. Hebu kichukue ukitazame vizuri kwenye mwanga. Kile kiduara ni alama ya digrii kweli, au ni sifuri ya pili iliyoandikwa ndogo na kupanda juu kidogo? Kwa sababu 100 iliyoandikwa haraka na 10° zinafanana kama pacha. Sisi tunafundishwa kabisa tusiandike alama ya digrii kwenye mhimili kwa sababu hii, na kwamba mhimili uandikwe kwa tarakimu tatu, 010 au 100, ili asiwepo wa kubahatisha. Mi mwenyewe tangu nilipoona lenzi ya mtoto wa shule imekatwa kwenye 50 badala ya 5 sijawahi tena kuandika mhimili bila sifuri zake za mbele. Angalia pia 90 ya jicho la kulia kwenye cheti hichohicho: kama hiyo haina alama ya digrii, basi mwandishi wako hana tabia ya kuiweka, na kile kiduara cha kushoto ni sifuri.

Sasa hiyo lenzi ya kushoto inafanya nini hasa? Mhimili wa 10 umekaribia kulala kwa hiyo niruhusu niite mlalo, na 100 niite wima, tofauti ni ndogo kwa maelezo haya. Jicho lako linataka mlalo -0.50, wima -1.75. Lenzi uliyonayo inatoa mlalo -1.75, wima -0.50. Yaani imegeuzwa. Mlalo umepewa minasi iliyozidi kwa 1.25, wima umepungukiwa 1.25. Na jicho lako bila miwani lina astigmatizimu ya 1.25, lakini ukivaa hiyo miwani hizo tofauti mbili zinajumlishwa kwa kuwa zinavuta kinyume, unabaki na astigmatizimu ya 2.50. Mara mbili ya uliyozaliwa nayo! Utauliza mbona basi haikuonyeshi vibaya zaidi kuliko ukivua. Kwa sababu ile sehemu ya mpira ndani ya lenzi imekusaidia, imekutoa kwenye kutoona mbali kwa ujumla, halafu sehemu ya silinda imekunyang'anya kilekile ulichopewa. Ndo maana nikivaa nikivua ni yale yale. Umelieleza kwa usahihi kuliko unavyojua.

Na nyaya za umeme ndo zimenifanya nishawishike zaidi. Kitu kilichosimama kama nguzo kinaonekana wazi pale upande wa mlalo wa jicho unapokuwa sawa, na kitu kilicholala kama waya kinaonekana wazi pale upande wa wima unapokuwa sawa, inaonekana kinyume lakini fikiria ile glasi, imekusanya mwanga kwa mlalo ikatoa mstari wa wima. Sasa upande wako wa mlalo una minasi iliyozidi, na minasi iliyozidi jicho la miaka 34 linaweza kuishinda kwa kujikaza, ile misuli ya ndani inayobana ukisoma karibu, kwa hiyo nguzo unaipata. Upande wa wima umepungukiwa minasi, na hapo jicho halina namna yoyote ya kujisaidia, kujikaza kunazidisha ukungu. Kwa hiyo nguzo safi, waya una kivuli juu na chini, na jicho linajikaza kutwa nzima ubaoni huku la kulia halina haja ya kujikaza. Kichwa kisigonge jioni kwa nini.

Kabla hujapanda bodaboda kurudi kwa fundi, fanya jaribio hili nyumbani. Simama mbali na saa ya ukutani au kalenda, mita tatu au nne. Ziba jicho la kulia. Vua miwani, ishike kwa mkono, leta lenzi ya kushoto mbele ya jicho la kushoto pale inapokaaga, uitazame kalenda. Halafu izungushe fremu taratibu mpaka isimame kama ngazi, lenzi ikiwa bado mbele ya jicho lilelile, yaani digrii 90. Kama niliyosema ni kweli, maandishi yatasafika mbele ya macho yako wakati fremu inakaribia kusimama, kwa sababu umeupeleka mhimili kutoka 10 kwenda 100 kwa mkono wako. Rudia kwa jicho la kulia, huko itakuwa kinyume, ikiwa imekaa sawa unaona, ukiisimamisha inaharibika vibaya. Sio kipimo cha hospitali, mkono unatikisika na umbali kutoka jichoni unabadilika, lakini tofauti ya digrii 90 kwenye silinda ya 1.25 ni kubwa kiasi kwamba utaiona. Kama haisafiki kabisa popote unapozungusha, basi dhana yangu sio kamili na kuna jambo jingine, nitalifikia chini.

Kuhusu hili neno utazoea. Sio neno baya, lina mahali pake. Mtu anayevaa silinda kwa mara ya kwanza, au iliyobadilishwa sana, ataona sakafu imeinama, mlango umepinda, ngazi ziko karibu kuliko zilivyo, kwa sababu lenzi inakuza upande mmoja zaidi ya mwingine kama ile kalamu ndani ya glasi, na ubongo unahitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kuipanga dunia upya. Hilo linazoeleka kweli na nawaambia wagonjwa wangu wavumilie. Lakini hata mtu anayeona sakafu imeinama, ukimfunga jicho moja ukamwonyesha herufi anatakiwa azisome vizuri tangu siku ya kwanza. Kuinama kunazoeleka, ukungu hauzoeleki. Wewe hujalalamika kuinama, umelalamika ukungu wa jicho moja, tena kwa silinda ambayo ulishaivaa miezi saba. Hapo hakuna cha kuzoea.

Wiki mbili hizi hazijaliharibu jicho lako, kwa mtu mzima lenzi isiyo sahihi inachosha tu na kuumiza kichwa. Kwa mtoto mdogo ningeongea tofauti kabisa, jicho la mtoto wa chini ya miaka saba nane bado linajifunza kuona, likipewa picha ya ukungu muda mrefu ubongo unaweza kulipuuza na baadaye miwani sahihi isitoshe. Nakutajia kwa sababu astigmatizimu mara nyingi inatembea kwenye ukoo na wewe una mtoto, mpeleke akapimwe hata kama hajalalamika, watoto hawalalamiki, wanajua dunia ndivyo inavyoonekana.

Ukirudi pale nenda na vyeti vyote viwili na miwani. Usianze na lawama, omba kwanza lenzi ya kushoto isomwe kwenye lensomita, ile mashine ya kupimia lenzi iliyokwisha kukatwa, itachukua dakika moja na itatoa namba tatu. Ikisoma mhimili 10 kwa silinda ya plasi, au 100 kwa silinda ya minasi (kwa SPH -0.50, ni lenzi ileile), basi fundi amekata kama alivyosoma kwenye cheti na kosa ni la maandishi. Halafu omba aliyekupima akuwekee ile fremu ya majaribio jicho la kushoto, aweke -1.75 na +1.25, azungushe kutoka 10 kwenda 100 huku unasoma ubao. Utasema mwenyewe. Lenzi inayohitaji kubadilishwa ni moja tu, ya kulia iache kama ilivyo, na sehemu nyingi wakiona kosa la mhimili kwa macho yao hukata upya bila kukutoza, uliza kwa upole lakini uliza. Na cheti kipya waombe wakiandike kwa tarakimu tatu.

Kuna jambo moja unaweza kupendekezewa pale ambalo nataka ulijue mapema. Wengine, lenzi ya silinda ikiwa haipo stoo au bei imepanda, wanakuambia tukutoe silinda tukupe namba ya wastani. Wanachofanya ni kuchukua nusu ya silinda na kuiongeza kwenye SPH. Jicho lako la kushoto ni -0.50 na nusu ya -1.25, inakuja kama -1.12, wataweka -1.00 au -1.25. Kulia ni -1.00 na -1.00, inakuwa -2.00. Sio utapeli, ni hesabu halali, inaiweka retina katikati ya zile sehemu mbili mwanga unapokutana, ukungu unakuwa sawa pande zote badala ya mwingi upande mmoja. Kwa silinda ya robo au nusu mi mwenyewe naikubali mtu akiwa hana uwezo na wengi hawahisi tofauti. Na nikuambie ukweli, kwa jicho lako la kushoto hata lenzi hiyo isiyo na silinda ingekuonyesha vizuri kuliko uliyonayo sasa, kwa kuwa ingekuachia astigmatizimu yako ya 1.25 badala ya kuifanya 2.50. Lakini kwa 2.00 ya jicho la kulia, kwa mtu anayesahihisha madaftari na kutazama ubao kila siku, usikubali. Utaona, ila hutaona vizuri, na kichwa kitarudi. Afadhali usubiri lenzi wiki mbili tatu.

Mhimili nao haudai kosa la digrii 90 ili uharibu. Ukikosewa digrii 30 tu faida yote ya silinda imekwisha, unabaki na astigmatizimu kiasi kilekile kama hujawekewa, ila imehamia upande mwingine. Digrii 10 zinakula karibu theluthi moja. Ndo maana fremu iliyopinda, sikio moja liko juu kuliko jingine, inaweza kumharibia kuona mtu mwenye silinda kubwa wakati jirani yake mwenye SPH tupu hata hajui kama fremu imepinda. Wewe ukiikalia au mtoto akiichezea, ipeleke ikanyooshwe.

Nimalizie na lile nililoliacha. Sijaliona jicho lako, nimesoma namba tu. Ikiwa kwenye lile jaribio la kuzungusha hakuna mahali panaposafika, au fremu ya majaribio ikiwekwa kwenye 100 bado huwezi kusoma mistari ya chini ya ubao kama zamani, usiendelee kubadilisha lenzi, nenda kwenye kliniki ya macho yenye daktari. Dar kuna Muhimbili na CCBRT, upande wa kaskazini KCMC Moshi. Pale watakutazama konea kwa taa. Kuna ugonjwa ambao konea inazidi kuwa nyembamba na kuchongoka kama ncha ya pia, keratokonasi, kawaida unaanza ujanani, hasa kwa watu wenye macho yanayowasha na wanaoyafikicha sana, na dalili yake ni silinda inayopanda kila ukipimwa na miwani isiyofikisha tena. Ukiwahi, kuna matibabu ya kuikaza konea isiendelee. Pia mwambie akutazame kama kuna kinyama kinachoota kutoka kona ya pua kuingia kwenye cheusi cha jicho, huku kwetu kwenye jua na vumbi ni kingi, kikisogea kinaivuta konea na kuleta silinda. Kwako sitegemei kukuta lolote kati ya hayo kwa sababu namba zako zimetulia miezi saba yote. Na kama siku yoyote ukaona ukungu wa ghafla, maumivu, au mwanga unaomulika kama umeme pembeni ya jicho, hilo sio suala la silinda wala la fundi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukishafanya jaribio la kuzungusha niandikie umeona nini, na kama unaweza piga picha ile 10 yenye kiduara, iweke pembeni ya 90 ya juu yake.